Jenereta ya wimbi sini kwenye Arduino Uno: sauti ikikosea, anzia wapi?

Jenereta ninayoizungumzia hapa ni ya kawaida kabisa. Kuna namba ya biti 32, ambayo nitaiita kikusanya awamu, na kila baada ya muda maalumu inaongezewa namba nyingine iitwayo hatua. Ikijaa inarudi sifuri yenyewe, na mzunguko mmoja wa wimbi unakuwa umekamilika. Baiti yake ya juu hutumika kama anwani ya jedwali lenye thamani 256 za sini, lililohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kusoma tu, ambayo kwa ATmega328P ni flashi. Thamani iliyosomwa hupelekwa kwenye taima ya 2, nayo hutoa mapigo kwenye pini ya 11. Upana wa mapigo hayo hufuata thamani, na kichujio huyalainisha yakawa wimbi.

Hiki ndicho kiini chake:

```cpp
volatile uint32_t awamu, hatua;

ISR(TIMER2_OVF_vect) {
  awamu += hatua;
  OCR2A = pgm_read_byte(&sini[awamu >> 24]);
}
```

Na huu ndio mpangilio wa taima, unaowekwa ndani ya `setup()`:

```cpp
pinMode(11, OUTPUT);
TCCR2A = _BV(COM2A1) | _BV(WGM21) | _BV(WGM20);
TCCR2B = _BV(CS20);
TIMSK2 = _BV(TOIE2);
```

Saa ya Uno ni megahezi 16, na taima huhesabu hadi 256 kisha huanza upya, kwa hiyo tunapata sampuli 62500 kwa sekunde. Ukitaka masafa f, hatua ni f × 4294967296 ÷ 62500, yaani f × 68719.476736. Kwa Hz 1000 inatoka 68719477. Namba hii iandike kwenye karatasi na uiweke mezani, maana tutairudia.

## Kabla ya kulaumu chochote, ondoa jedwali

Wengi wanaokwama hubadilisha vitu vitatu kwa wakati mmoja, halafu hawajui kipi kilileta nafuu. Mimi huanza kwa kuligawa tatizo katikati. Weka alama ya maelezo mbele ya mstari wa jedwali, na badala yake andika:

```cpp
OCR2A = awamu >> 24;
```

Sasa unachotoa ni awamu yenyewe. Kwenye oskiloskopu, baada ya kichujio, utaona meno ya msumeno: mstari unapanda taratibu kisha unaanguka ghafla, mara 1000 kwa sekunde. Meno yakiwa sawa na masafa yakiwa sahihi, kikusanya ni kizima, taima ni nzima, kichujio ni kizima, na kosa liko kwenye jedwali au namna unavyolisoma. Meno yenyewe yakikosea, usipoteze muda kulitazama jedwali. Kama huna oskiloskopu, sikiliza kwa spika ndogo kupitia amplifaya: msumeno una sauti kali kama zumari, na kimo chake kinatakiwa kulingana na sini ya masafa yale yale.

## Mstari mnene usiosomeka

Hili nalitanguliza kwa sababu linaficha mengine yote. Ukiona wimbi lina umbo la sini lakini mstari ni mnene kama uliochorwa kwa brashi, unachokiona ni mapigo ya kilohezi 62.5 yaliyopenya kwenye kichujio. Rezista ya kiloohm 1 na kapasita ya nanofaradi 10, ambazo watu wengi huziweka, hukata kuanzia karibu kilohezi 16, na mapigo hubaki na robo ya volti zake. Hiyo haitoshi.

Kwa sauti za kupimia hadi kilohezi mbili au tatu, tumia kiloohm 3.3 na nanofaradi 10, halafu ufuatishe hatua ya pili ya kiloohm 33 na nanofaradi 1. Hatua zote mbili hukata karibu na kilohezi 4.8, lakini ya pili ina ukinzani mara kumi zaidi, hivyo haiilemei ya kwanza. Mapigo yatashuka hadi milivolti 20 hivi, na Hz 1000 itapungua kwa takribani asilimia 4 tu.

## Masafa si yale uliyoomba

Umeomba Hz 1000 na unapata karibu 502. Hapa taima iko kwenye hali ya kuhesabu kupanda na kushuka badala ya kupanda tu: inatumia mapigo 510 ya saa badala ya 256, na sampuli zinakuwa 31373 kwa sekunde. Chanzo karibu kila mara ni `WGM21` iliyosahaulika. Pima mapigo yenyewe kabla ya kichujio. Ukisoma kilohezi 31.4 badala ya 62.5, jibu umelipata.

Kuna dalili inayofanana na kifo cha kifaa kizima: husikii Hz 1000 ila mngurumo wa kero karibu na Hz 488, unaopanda na kushuka karibu mara nane kwa sekunde. Kabla `setup()` yako haijaanza, maktaba ya Arduino huwa tayari imeigusa taima ya 2 na kuiwekea kigawanyo cha 64, yaani biti `CS22`. Ukiandika `TCCR2B |= _BV(CS20);` badala ya `TCCR2B = _BV(CS20);`, biti ya zamani inabaki, na mbili hizo kwa pamoja zina maana ya kugawanya kwa 128. Mngurumo wa 488 ni mapigo yenyewe, na kule kupanda na kushuka ndiyo Hz 1000 yako iliyogawanywa kwa 128 ikabaki 7.8. Alama moja ya mstari wima imefanya yote hayo.

Ukikuta kimya, chukua multimita. Volti 2.5 zilizotulia kwenye pini ya 11 zinakuambia kwamba taima inafanya kazi ila awamu haisogei, yaani hatua ni sifuri. Tazama kama umeandika `(1UL << 32)` kwenye hesabu. Namba hiyo ni ya biti 32, na kuisukuma nafasi 32 kunaisukuma ikatoka nje yote. Kompaila hutoa onyo, lakini kwenye Arduino maonyo huwa yamezimwa hadi uyawashe kwenye mapendeleo. Andika hivi, na hutahangaika:

```cpp
hatua = (uint32_t)((f * 4294967296ULL + 31250) / 62500);
```

Kimya chenye sura nyingine ni pale ulipochukua baiti ya chini ya awamu badala ya ile ya juu, yaani umeandika `(uint8_t)awamu` bila `>> 24`. Baiti ya chini ya 68719477 ni 117, na 117 ÷ 256 × 62500 ni zaidi ya kilohezi 28. Sikio halisikii, na kichujio kimeshakula kilichobaki.

Upungufu mdogo usikutishe. Uno nyingi huendeshwa na risoneta ya kauri ambayo inaweza kukosea hadi asilimia 0.5, kwa hiyo kusoma 997 au 1004 si kosa la programu. Lakini masafa yakishuka kwa kiasi kisicho na mpangilio, tena yanabadilika unapoongeza mistari ndani ya kikatizo, yaani ile `ISR`, basi kikatizo kinachukua zaidi ya mapigo 256 ya saa na sampuli zinarukwa. Hesabu za desimali na `Serial.print` hazina nafasi mle ndani.

## Kimo ni sahihi, umbo ni takataka

Msumeno ulikuwa mzuri. Umerudisha jedwali, na sasa unaona mchoro wa ajabu wenye miinuko na mashimo, lakini unajirudia mara 1000 kwa sekunde bila kukosea. Dalili hii husema mambo mawili kwa pamoja: anwani inatembea vizuri kutoka 0 hadi 255, ila kinachosomwa kwenye anwani hizo si sini.

Kwenye ATmega328P flashi na RAM ni nyumba mbili zenye namba zile zile za milango. Jedwali ulilolitangaza kwa `PROGMEM` liko flashi, lakini ukiandika `sini[awamu >> 24]` bila `pgm_read_byte`, prosesa inakwenda kwenye mlango wenye namba hiyo hiyo upande wa RAM. Huko inakuta rejista za taima, za kipima volti, na vigeu vya programu yako. Programu inakubalika bila onyo, maana kwa kompaila hakuna kosa.

Ushahidi wa kumaliza ubishi ni huu: umbo la takataka hubadilika lenyewe. Zungusha potenshometa inayosomwa na `analogRead`, nawe utaona sehemu ya mchoro ikicheza. Jedwali lililo kwenye kumbukumbu ya kusoma tu haliwezi kucheza. Likicheza, hulisomi jedwali. (Kwenye ESP32 au STM32 kosa hili halipo, kwa hiyo anayehamisha programu kutoka huko kuja Uno ndiye anayeangukia hapa.)

## Sini ina jeraha mahali pamoja

Hapa wimbi ni zuri isipokuwa pahali pamoja palepale katika kila mzunguko. Mahali penyewe pakujulishe kosa.

Jeraha likiwa kileleni, mfano mstari unaporomoka hadi chini kabisa kisha unarudi juu, jedwali limetengenezwa kwa `128 + 128*sin`. Kilele kinatoka 256, ambayo haiingii kwenye baiti, na inahifadhiwa kama 0. Ukikadiria kwa namba nzima iliyo karibu, thamani saba zinaathirika, kuanzia ya 61 hadi ya 67. Kwenye spika ni mlio wa kukwaruza, na mtu anaweza kudhani amplifaya imezidiwa.

Wimbi likikatika katikati, nusu ya juu ikiwa chini na nusu ya chini ikiwa juu, jedwali ni la namba zenye alama ya hasi na wewe unalitoa kama lisilo na alama. Ongeza 128 kwa kila thamani, au geuza biti ya juu kabisa. Ni kitu kimoja.

Jeraha la tatu halionekani kwa urahisi kwenye oskiloskopu, nalo ndilo limeenea zaidi. Mtu anagawanya mzunguko kwa 255 badala ya 256, kwa kuwa thamani ya mwisho ina namba 255. Matokeo yake thamani ya kwanza na ya mwisho zinafanana, na kila mzunguko una kituo kidogo wimbi linapovuka katikati likipanda. Usilitafute kwa macho kwenye skrini. Fungua jedwali lenyewe. Kwa kanuni hii,

```python
import math
for i in range(256):
    print(round(128 + 127*math.sin(2*math.pi*i/256)), end=",")
```

thamani ya mwisho lazima iwe 125, ya kwanza 128, na ya pili 131. Zinapanda tatu tatu kupitia mshono. Ukikuta 128 mwishoni na 128 mwanzoni, umegawanya kwa 255.

## Mlio wa pembeni unaohamahama

Hili lilinichukua jioni mbili, na ndilo lililonifanya nianze kuandika. Jenereta ilikuwa inafanya kazi, nikiitumia kupima amplifaya. Potenshometa ilikuwa imesimama kwenye Hz 980. Niliingiza sauti kwenye kompyuta kupitia rezista za kupunguza volti na kapasita, nikachora spektra kwa Audacity. Kilele kirefu kilikuwa kwenye 980 kama ilivyotakiwa, lakini pembeni kulikuwa na kingine, kidogo, kwenye Hz 100.

Umeme wa kwetu ni Hz 50, na ukipita kwenye daraja la daiodi mawimbi yanayobaki huwa ya Hz 100. Kwa fundi yeyote hiyo ni alama ya kapasita iliyochoka kwenye pawasaplai. Nikabadilisha kapasita. Kilele hakikusogea. Nikaitoa saplai kabisa, nikatumia betri, na kompyuta nayo nikaichomoa kwenye umeme. Hz 100 ilibaki palepale.

Nikagusa potenshometa. Kwenye Hz 981, kilele kile kilihamia 155. Kwenye 979 kiliruka hadi 355. Mawimbi ya umeme hayahami kwa kuwa wewe umezungusha kitufe. Kilikuwa kinatoka ndani ya jenereta.

Chanzo chake ni biti 24 za awamu tunazozitupa. Kwenye Hz 980 kila sampuli inatakiwa isogee nafasi 4.01408 za jedwali. Jedwali halina nafasi za desimali, kwa hiyo anwani inaruka nne, nne, nne, huku kibaki cha 0.01408 kikijikusanya kimya kimya, na mara moja moja anwani inaruka tano ili kulipa deni. Deni hilo hupanda na kulipwa mara 0.01408 × 62500, yaani mara 880 kwa sekunde. Wimbi linakuwa linasukumwa mbele na nyuma kidogo kwa mwendo wa Hz 880, na kila kitu kinachosukumwa hivyo huzaa milio miwili ya pembeni: 980 + 880 ni 1860, na 980 − 880 ni 100. Niliporudi kwenye spektra, kilele cha 1860 kilikuwapo pia. Nilikuwa nimekipuuza kwa kuwa macho yalinaswa na 100.

Hesabu ya haraka ni kuzidisha masafa kwa 256 kisha kutafuta kinachobaki baada ya kugawanya kwa 62500. Ndiyo maana Hz 1 kwenye kitufe inauhamisha mlio wa pembeni kwa karibu 255. Kwa jedwali la thamani 256, ukubwa wa milio hiyo hufika 1/256 ya sauti yenyewe, yaani desibeli 48 chini yake. Kwa ving'ora na milio ya mlangoni ni sawa kabisa. Kwa kupima upotoshaji wa amplifaya, hapana: utakuwa unapima kosa la jenereta yako na kumhesabia mwenye amplifaya.

Kipimo cha kuthibitisha hakihitaji kubadilisha waya hata mmoja. Weka `hatua = 67108864;`. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 26, biti zake 24 za chini zote ni sifuri, na anwani inasogea nafasi nne kamili kila mara bila deni lolote. Masafa yatakuwa 976.5625. Mlio wa pembeni ukitoweka hapo na kurudi ukienda 980, ni biti zilizotupwa. Ukibaki, rudi kwenye saplai na nyaya. Kumbuka kwamba kwenye masafa haya bado utaona vilele vidogo kwenye mafungu kamili ya 976.5625, hivyo vinatokana na thamani za jedwali kukadiriwa kwa biti 8, na ni ugonjwa mwingine.

Dawa niliyoitumia ni jedwali la thamani 1024, likisomwa kwa `awamu >> 22`, na kanuni ya kulitengeneza ikigawanya kwa 1024. Milio inashuka hadi 1/1024, desibeli 60 chini. Flashi ya kilobaiti 32 hailioni jedwali hilo, ilhali kwenye RAM ya kilobaiti 2 lingekula nusu nzima. Kupanua zaidi ya hapo sioni faida maadamu unatoa biti 8: anwani yenye biti mbili zaidi ya biti za matokeo inatosha, na baada ya hapo kelele za ukadiriaji ndizo zinazotawala.

## Inapiga "tak" ukizungusha kitufe

Utashauriwa kwamba `hatua` ina baiti nne, kikatizo kinaweza kuingia wakati mbili zimeandikwa na mbili bado, na hivyo uizungushie `noInterrupts()` na `interrupts()`. Fanya hivyo, ni sahihi. Ila usitegemee "tak" itaondoka. Kuandika baiti nne huchukua mapigo machache ya saa, na kikatizo huja kila baada ya 256, kwa hiyo namba iliyochanganyika hutumika kwa sampuli moja tu. Kutoka 976 kwenda 977, kwa mfano, kosa lake haliwezi kuzidi nafasi moja ya jedwali. Sikio halitalikamata.

"Tak" inayosikika hutoka kwingine: mahali fulani kwenye programu, kila masafa yanapobadilika, mtu ameandika `awamu = 0;`. Wimbi lilikuwa kileleni, limetupwa katikati kwa ghafla. Ufute mstari huo. Awamu iendelee ilipokuwa na hatua pekee ndiyo ibadilike. Wimbi litapinda kwenda kwenye masafa mapya bila kukatika.

Na kama sauti inatetemeka wakati hujagusa kitufe, tatizo haliko kwenye awamu wala jedwali. `analogRead` inaruka kati ya namba mbili jirani. Badilisha `hatua` pale tu usomaji mpya unapotofautiana na wa zamani kwa zaidi ya 1.